Kusoma Utabiri wa Mvua na Tangazo la Kilimo Kitui na Makueni

Mkulima wa Kitui au Makueni hupokea habari za mvua za aina tatu, na kila aina hujibu swali lake. Utabiri wa msimu hutolewa na Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya kabla ya mvua kuanza, mmoja kwa mvua za Machi hadi Mei na mwingine kwa mvua za Oktoba hadi Desemba. Huo husaidia kuamua mbegu gani zinunuliwe na ekari ngapi zilimwe. Utabiri wa siku saba husaidia kuchagua siku: lini kupanda, lini kupalilia, lini kuweka mbolea. Utabiri wa saa 24, pamoja na maonyo ya mvua kubwa, ni wa mambo ya leo na kesho, kama kunyunyizia dawa, kuanika mahindi au kuvuka mto. Hasara nyingi hutokea mtu anapotafuta jibu la swali moja kwenye karatasi iliyoandikwa kwa ajili ya swali lingine. Utabiri wa msimu haujui Jumanne kutakuwaje, na utabiri wa kesho haujui kama mahindi yatakomaa.

Msimu wa Oktoba hadi Desemba ndio unaostahili kusomwa kwa makini zaidi. Ingawa huitwa mvua fupi, katika sehemu kubwa ya Ukambani ndio msimu wa kutegemewa, na chakula kingi cha mwaka hutoka humo. Mwongozo huu unaufuata msimu huo kuanzia karatasi ya utabiri hadi ghalani.

Eneo na tarehe kwanza

Kabla ya kutazama kiasi cha mvua, hutafutwa mambo mawili: tangazo linahusu wapi, na lilitolewa lini. Makueni ni kaunti moja, lakini vilima vya Mbooni na Kilungu vina baridi na mvua zaidi kuliko Kibwezi na Makindu. Kitui nayo ina miinuko ya karibu na mji wa Kitui, na ina nyanda kavu za Mutomo, Ikutha na Tseikuru. Kwa hiyo utabiri uliotangazwa redioni kwa "maeneo ya kusini mashariki" ni wa jumla mno kwa mtu wa kijiji kimoja. Karatasi ya kaunti hugawanya maeneo vizuri zaidi, na nakala yake huulizwa kwa afisa wa kilimo wa wadi au kwa chifu.

Tarehe ina uzito wake kwa sababu utabiri husahihishwa. Msimu unapoendelea, idara hutoa taarifa mpya za kila mwezi na kila wiki. Ujumbe wa simu unaosambazwa bila tarehe unaweza kuwa wa mwaka jana, na hakuna njia ya kuujua kwa kuutazama tu. Mbegu zisinunuliwe kwa kufuata ujumbe usio na tarehe wala jina la ofisi iliyoutoa.

Asiyesoma kwa wepesi anaweza kumpa mtoto wa shule karatasi hiyo amsomee, lakini kwa mpango: kwanza eneo, kisha tarehe, kisha namba, na ushauri mwisho. Namba zisomwe mara mbili. Karatasi ikisomwa mfululizo kuanzia juu hadi chini, msikilizaji hukumbuka neno moja tu, kwa kawaida lile la kutisha.

Maana ya asilimia

Utabiri wa msimu hausemi mvua itanyesha kiasi gani. Husema uwezekano wa mambo matatu: mvua kuwa juu ya kawaida, kuwa karibu na kawaida, au kuwa chini ya kawaida. Tangazo la mfano kwa nyanda za chini linaweza kusomeka hivi:

"Oktoba hadi Desemba. Chini ya kawaida 45%, karibu na kawaida 35%, juu ya kawaida 20%. Mvua kuanza: wiki ya kwanza ya Novemba. Mvua kuisha: wiki ya tatu ya Desemba. Mtawanyiko: mbaya, vipindi vya ukavu vinatarajiwa. Ushauri: wakulima wapande mazao yanayokomaa mapema na yanayostahimili ukame, wavune maji ya mvua na wahifadhi malisho."

Njia rahisi ya kuziona asilimia ni kuzihesabu kwa punje. Huchukuliwa punje 20 za mahindi zikawekwa mezani, kila punje ikisimama badala ya asilimia 5. Katika tangazo hilo, punje 9 huenda kwenye fungu la mvua haba, punje 7 kwenye fungu la kawaida, na punje 4 kwenye fungu la mvua nyingi. Hapo mtu huona jambo ambalo sauti ya redio huficha: punje 11 kati ya 20 haziko kwenye fungu la mvua haba. Fungu hilo ndilo kubwa kuliko mengine, lakini si ahadi. Mtangazaji akisema tu "mvua itakuwa chini ya kawaida", amezifuta punje 11 kwa sentensi moja.

Punje hizo hizo huzuia kosa la upande wa pili, la kusema utabiri "ulidanganya" mvua iliponyesha vizuri. Mafungu yakiwa 9, 7 na 4, mwaka wa mvua nyingi bado umo mezani.

Ramani za rangi huleta kosa la aina yake. Kijani kilichokolea kwenye ramani ya msimu aghalabu huchukuliwa kuwa mvua nyingi zaidi, ilhali rangi ya ramani hiyo huonyesha ukubwa wa uwezekano. Kijani kilichokolea humaanisha wataalamu wana uhakika zaidi kwamba mvua itazidi kawaida, bila kusema itazidi kwa kiasi gani. Na kwa kuwa rangi hubadilika kutoka ramani moja hadi nyingine, kisanduku cha maelezo kilicho pembeni husomwa kabla ya ramani yenyewe.

Kawaida ya nani, na milimita ni nini

"Kawaida" ni wastani wa mvua ya eneo hilo kwa miaka mingi, aghalabu 30. Katika taarifa za idara, mvua iliyo kati ya asilimia 75 na 125 ya wastani huhesabiwa kuwa karibu na kawaida. Ikiwa wastani wa mahali fulani kwa msimu ni milimita 300, basi chochote kati ya milimita 225 na 375 ni kawaida yake. Kumbe kawaida ya Kibwezi inaweza kuwa ukame kwa mtu wa Kilungu. Anayehamia shamba jipya hujifunza kawaida ya huko kwa wenyeji, asiibebe ya alikotoka.

Milimita moja ya mvua ni sawa na lita moja ya maji juu ya eneo la mita moja kwa mita moja. Mvua ya milimita 20 basi ni kama mtungi wa lita 20 uliomiminwa polepole juu ya kila mita hiyo ya shamba. Kiasi hicho ndicho cha kukumbuka, maana ndicho kinachoweza kulowesha udongo hadi chini ya mbegu kikabakiza akiba kidogo. Manyunyu ya milimita 5 huamsha mbegu na kuiacha njiani.

Kipimo cha mvua hutengenezwa nyumbani kwa mkebe wenye kuta zilizonyooka. Mkebe unaopanuka juu haufai, kwa sababu mdomo wake mpana huchota mvua nyingi, na kina kinachoonyeshwa chini huzidi mvua iliyonyesha. Mkebe unaofaa huwekwa uwanjani mbali na miti na paa, ukatiliwa mawe pembeni usianguke, na maji hupimwa kwa rula kila siku saa tatu asubuhi kisha kumwagwa. Sentimita moja kwenye rula ni milimita 10. Tarehe na kipimo huandikwa kwenye kalenda ya ukutani. Baada ya misimu michache kalenda hizo huwa na thamani kuliko tangazo lolote, kwa kuwa zinahusu shamba lenyewe. Mvua ya Ukambani inaweza kulowesha upande mmoja wa kijito na kuuacha mwingine mkavu.

Mwanzo, mwisho na mapengo

Mistari ya tangazo inayohusu mwanzo, mwisho na mtawanyiko wa mvua hupitwa haraka, ingawa ndiyo yenye faida kuliko asilimia. Msimu wenye mvua nyingi iliyoshuka kwa siku nane na kukatika huua mahindi. Msimu wa mvua ya wastani iliyogawanyika vizuri huyakomaza.

Kutokana na mwanzo na mwisho huhesabiwa urefu wa msimu. Katika tangazo la mfano, katikati ya wiki ya kwanza ya Novemba ni tarehe 4, na katikati ya wiki ya tatu ya Desemba ni tarehe 18. Hizo ni siku 44, yaani wiki 6 na ushei. Baada ya mvua kukatika, udongo huendelea kuulisha mmea kwa unyevu uliobaki, labda wiki mbili kwenye kichanga na wiki tatu kwenye udongo mzito au nyuma ya makinga-maji ya fanya juu. Jumla ni wiki 8 hadi 9.

Sasa urefu huo hulinganishwa na mbegu. Ndengu za muda mfupi kama N26 hukomaa kwa siku 60 hadi 65, hivyo zinaingia kwa shida lakini zinaingia. Mahindi ya Katumani, yanayohesabiwa miongoni mwa mahindi ya haraka, huhitaji takriban miezi mitatu. Kwenye msimu wa wiki 9 hayo yatabakia mabua, isipokuwa mahali maji yalipokusanywa. Mbaazi za muda mrefu hazihukumiwi kwa msimu mmoja: hupandwa Oktoba au Novemba, huvumilia kiangazi cha Januari na Februari, hupata mvua za Machi na kuvunwa katikati ya mwaka. Kwa sababu hiyo, tangazo la mvua haba si sababu ya kuziacha.

Kipengele cha mtawanyiko kikisema vipindi vya ukavu vinatarajiwa, hatari kubwa ni mwanzo wa uongo. Mvua hunyesha siku mbili, kijiji kizima hupanda, kisha jua huwaka wiki mbili na miche kukauka. Wataalamu wa kanda hii hukubali kwamba msimu umeanza pale tu mvua inapofika takriban milimita 20 ndani ya siku tatu, bila kufuatwa na ukavu mrefu katika wiki zinazofuata. Mkulima hawezi kuziona wiki hizo, ila anaweza kuunganisha mambo mawili aliyo nayo mkononi: mkebe wake umefika milimita 20, na utabiri wa siku saba unasema mvua inaendelea. Moja bila jingine halitoshi.

Kuusoma ushauri

Sehemu ya mwisho ya tangazo ni ushauri, na aghalabu huandikwa katika kikao kinachokutanisha maafisa wa hali ya hewa, wa kilimo na wa mifugo, pamoja na wawakilishi wa wakulima. Huandikwa kwa ajili ya watu wote wa eneo: mwenye ekari nusu na mwenye ekari 20, mwenye kisima na asiye nacho. Hivyo kila sentensi yake huulizwa maswali mawili: inahusu nani, na inagharimu nini.

"Mazao yanayokomaa mapema" ni maneno yasiyosaidia hadi yageuzwe kuwa jina la mbegu na idadi ya siku. Duka la pembejeo likikosa mbegu hiyo, swali halali kwa afisa wa kilimo ni ipi nyingine inayokomaa ndani ya siku 65. "Wavune maji ya mvua" ni kazi ya jembe inayofanywa Septemba, ardhi ikiwa kavu: kuzibua mifereji ya makinga-maji au kuchimba mashimo ya zai. Anayeusoma ushauri huo Novemba amechelewa. "Wahifadhi malisho" huelekeza kwenye uamuzi mgumu wa kuuza mbuzi mmoja au wawili mapema, wakiwa bado wana nyama na bei haijaporomoka. Matangazo mengi hayasemi hivyo waziwazi, pengine kwa staha, lakini ndiyo maana yake.

Mfano wa uamuzi

Chukuliwe mkulima wa upande wa Ikutha mwenye ekari 3, mojawapo ikiwa na makinga-maji mazuri. Kila mwaka hupanda mahindi ekari 2 na ndengu ekari 1. Amepata tangazo la mfano lililotajwa juu, na punje zake 20 ziko mezani: 9, 7, 4.

Kwanza hujiuliza kila fungu la punje lingemletea nini. Akishika mpango wa zamani, katika fungu la punje 9 atapata mabua kwenye ekari 2 na ndengu kidogo kwenye moja. Katika fungu la 7 atapata mahindi machache nyuma ya makinga-maji. Ni katika fungu la 4 tu ghala litajaa. Akigeuza ekari zote 3 kuwa ndengu, atavuna kitu katika mafungu mengi, lakini atalazimika kununua unga wa ugali, tena wakati majirani wote wanauza ndengu na bei iko chini. Na fungu la punje 4 nalo lina hasara yake, kwani mvua nyingi wakati wa maganda kukauka huozesha ndengu.

Uamuzi wa busara hauruki upande mmoja. Ekari moja na nusu hupewa ndengu. Nusu ekari iliyo nyuma ya makinga-maji hubaki mahindi ya Katumani, na nusu yake ya pili hupandwa mtama wa Gadam, ambao una hatari moja isiyoandikwa kwenye tangazo: ndege huupenda sana, na lazima kuwe na mtu wa kuwafukuza. Nusu ekari ya mwisho huchanganywa kunde na mbaazi. Mbegu za ndengu huhitajika kilo 6 hadi 8 kwa ekari, hivyo kilo 12 zinatosha ekari moja na nusu. Mahindi ya nusu ekari ni kilo 5 hivi. Kilo 3 au 4 za ziada za kunde hununuliwa na kufungiwa ndani kwa ajili ya kupanda upya.

Tarehe 24 Oktoba mkebe unasoma milimita 12. Majirani wanapanda. Utabiri wa siku saba unataja rasharasha katika "sehemu chache", na kwa lugha ya idara maneno hayo humaanisha chini ya theluthi ya eneo. Anapanda mbaazi, zinazovumilia, na kuziacha ndengu ndani. Tarehe 3 Novemba mkebe unasoma 9, tarehe 5 unasoma 16. Jumla ni milimita 25 ndani ya siku tatu, na utabiri mpya unasema mvua katika "sehemu nyingi". Siku hiyo na kesho yake hupanda ndengu, mahindi na mtama. Kuchelewa siku kumi ili "kuhakikisha" kungekuwa kosa la upande wa pili, kwa maana msimu wenyewe una wiki 6 tu.

Miche ikikauka, hesabu hufanywa kwa kurudi nyuma. Mvua inaisha takriban tarehe 18 Desemba, na kwa wiki tatu za unyevu wa udongo ni tarehe 8 Januari. Ukitoa siku 60 za ndengu unafika tarehe 9 Novemba. Kurudia ndengu baada ya wiki hiyo, bila taarifa mpya inayosogeza mwisho wa mvua mbele, ni kuzika mbegu. Hapo ndipo kunde zilizofungiwa hutolewa: majani yake huanza kuchumwa baada ya wiki tatu au nne, hata kama maganda hayatafika.

Habari za siku moja

Utabiri wa msimu ukishafanya kazi yake, huwekwa kando. Jambo hili lilionekana kwa uchungu huko Mwingi. Mvua za Oktoba hadi Desemba 2021 zilitabiriwa kuwa haba, na ukame ulikuwa umelikumba eneo kubwa la nchi. Hata hivyo tarehe 4 Desemba 2021 mto Enziu ulifurika na kuzoa basi lililokuwa likijaribu kuvuka, na watu zaidi ya 30 wakafa. Msimu duni unaweza kuwa na siku moja ya mafuriko, na siku hiyo haionekani kwenye asilimia za msimu. Huonekana, ikionekana, kwenye onyo la muda mfupi. Idara ikisema mvua kubwa ya zaidi ya milimita 20 ndani ya saa 24, hata kama mvua hiyo inatazamiwa juu vilimani na si kijijini, mto wa mchanga huko chini huhesabiwa kuwa hatari.

Shambani onyo hilo huahirisha mambo mawili: dawa ya viwavi jeshi, ambayo mvua ikiiwahi huisafisha yote majanini, na mbolea ya kukuzia, ambayo huhitaji udongo wenye unyevu lakini husombwa na mvua ya kishindo.

Matumizi ya mwisho ya utabiri wa muda mfupi ni wakati wa mavuno, na kwa Kitui na Makueni yana historia. Mwaka 2004 sumukuvu kwenye mahindi iliua watu 125 kati ya 317 waliougua, wengi wao kutoka wilaya hizi mbili. Sumu hiyo hutokana na ukungu unaoota kwenye nafaka iliyohifadhiwa ikiwa na unyevu. Kwa hiyo mvua za nje ya msimu zikitajwa Januari au Februari, mahindi yaliyokauka shambani huvunwa mara moja, huanikwa juu ya turubai badala ya udongo mtupu, na hufunikwa kila jioni.

Nafaka hufaa kuhifadhiwa ikiwa na unyevu wa asilimia 13 au chini yake. Asiye na mashine hupima kwa chumvi. Chupa kavu ya kioo hutiwa punje hadi theluthi moja, huongezwa vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, hufungwa na kutikiswa dakika kadhaa, kisha huachwa robo saa. Chumvi ikigandamana na kioo, unyevu umezidi asilimia 15 na mahindi yarudi juani. Isipogandamana, mahindi huongezewa siku moja au mbili za jua kabla ya kutiwa guniani, kwa kuwa chumvi haitofautishi asilimia 14 na 13. Kipimo hiki huonyesha unyevu tu. Punje zilizokwisha kuota ukungu haziwi salama kwa kukaushwa, kuoshwa wala kupikwa, na kuku au ng'ombe hawapewi.